Kadi ya punguzo la treni: piga hesabu ya mtaji kurudi kabla hujalipa

Binti wa dada yangu yuko Leeds, Uingereza, anasoma masters ya mwaka mmoja, na mimi ndo mamdogo wake niliyebaki huku Moshi na daftari. Dada ndo anatuma hela ya matumizi, mimi naangalia inaendaje, maana nauza vitenge Kiborloni miaka mingi na hesabu za kuingia na kutoka nimezizoea. Sasa Septemba wiki ya pili tu ya masomo akanitumia voisi: "Mamdogo shikamoo, kuna kadi ya treni ya pauni 35 inapunguza nauli kwa theluthi mwaka mzima, wenzangu wote wananunua, ninunue?" Pauni 35 kwa hela yetu ni zaidi ya laki, kwahiyo nikamwambia marahaba mwanangu, subiri, tupige hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe ilituchukua jioni mbili na tuliikosea mara ya kwanza, na mahali tulipokosea ndipo wengi wanapokosea, kwahiyo naiandika yote hapa kwa mzazi au mwanafunzi yeyote mwenye mtu kule. Huku kwetu treni ya Dar ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka uliofuata, na tumezoea kukata tiketi moja moja kila safari, ndo maana wazo la kulipia punguzo kabla hujasafiri linatuchanganya kidogo.

Kwanza ujue unanunua nini

Kule kadi hizi zinaitwa `Railcard` na ziko za aina nyingi. Ya kwake ni `16-25 Railcard`, ya vijana wa miaka 16 hadi 25, na mtu mwenye miaka 26 na kuendelea anaruhusiwa pia kama ni mwanafunzi wa muda wote. Bei ni pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025, kabla ya hapo ilikuwa 30, kwahiyo ukikuta mtu anakwambia "inarudi ukisafiri kwa pauni 90" anatumia bei ya zamani. Kadi yenyewe sio tiketi, haikupandishi treni, inakupa haki tu ya kukata tiketi kwa bei iliyopungua theluthi moja. Ukinunua alafu ukakaa bwenini, hela imeenda.

Kanuni ni moja tu na inatosha kwa kadi yoyote ya namna hii duniani:

```
safari za kurudisha mtaji = bei ya kadi ÷ (nauli × punguzo)
```

Chukua mfano nauli ya kwenda na kurudi ni pauni 15. Theluthi yake ni pauni 5, hiyo ndo faida ya safari moja. Gawa 35 kwa 5 unapata 7. Safari ya saba mtaji umerudi, kuanzia ya nane ndo unaanza kula faida. Ukipata desimali, tuseme 6.3, usiishushe, ipandishe kuwa 7, maana hakuna nusu safari.

Kama nauli zako hazifanani, na hazitafanana, usihesabu safari, hesabu hela. Kadi ya pauni 35 yenye punguzo la theluthi inarudi ukiwa umefikisha tiketi za pauni 105 kwa bei kamili, yani 35 mara 3. Namba hiyo 105 iandike juu ya karatasi alafu orodhesha safari zako chini yake uone unafika au hufiki.

Orodha ya kwanza, ile tuliyokosea

Nikamwambia aniandikie kila safari anayotegemea mpaka Mei, na bei aliyoiona kwenye simu. Akaleta hivi. Krismasi anaenda London kwa shangazi yake, tiketi za kukata mapema pauni 28 kwenda na 28 kurudi, jumla 56. Mwisho wa mwaka wa masomo anaenda uwanja wa ndege wa Manchester kurudi nyumbani, pauni 21. Ana ibada na wenzake York mara moja kwa mwezi siku ya Jumapili, pauni 15 kwenda na kurudi, akahesabu mara 8. Alafu ana mazoezi ya kazi Harrogate Jumanne asubuhi, wiki 10, pauni 11 kwenda na kurudi. Bei hizi ni za siku aliyozicheki yeye, zako zitakuwa zako, we angalia mtiririko wa hesabu.

Akagawa kila kitu kwa tatu. London akaokoa 18.67, uwanja wa ndege 7, York mara nane ni 40, Harrogate mara kumi ni 36.67. Jumla pauni 102.34, toa 35 ya kadi, anabaki na faida ya pauni 67 na kitu. Akaniambia mamdogo Harrogate peke yake inalipa kadi nzima! Na kweli kwenye karatasi ilionekana hivyo.

Nikamwambia kabla ya kulipa nenda kwenye simu, chagua safari ya Harrogate ya Jumanne saa moja na nusu asubuhi, weka alama ya kwamba una kadi, usilipe, piga skrinshoti unitumie. Skrinshoti ikaja. Bei na kadi: pauni 11. Bei bila kadi: pauni 11. Punguzo sifuri.

Kwanini Harrogate haikupungua

Kadi hii ina kiwango cha chini cha nauli. Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa nne asubuhi, tiketi yenye punguzo haiwezi kushuka chini ya pauni 12. Maana yake ni hii, na ielewe vizuri kwasababu ndo inayokula hesabu za watu. Kama tiketi ni ya pauni 18 au zaidi, unapata theluthi yako yote bila shida, maana 18 ukitoa theluthi ni 12 kamili. Kama tiketi ni ya pauni 15, theluthi ingekupeleka 10, lakini utalipa 12, umeokoa 3 badala ya 5. Na kama tiketi yenyewe tayari ni 12 au chini yake kama hiyo ya Harrogate, kadi haikusaidii chochote, unalipa bei ile ile ya kila mtu.

Zuio hilo halipo wikiendi, halipo siku za sikukuu za serikali, halipo Julai na Agosti, na haliigusi tiketi ya aina ya `Advance`, ile unayokata mapema kwa treni maalumu na huwezi kupanda nyingine. Kwa mwenye `26-30 Railcard`, ile ya wakubwa kidogo, kiwango cha pauni 12 kipo na yeye asubuhi hizo, kwahiyo asidhani ameponea.

Kwahiyo mwanafunzi mwenye safari fupi fupi za asubuhi kwenda mazoezi ya kazi, ambaye ndo angeonekana msafiri wa mara kwa mara, kadi hii inaweza isimfae kabisa, na yule anayesafiri mara nne tu kwa mwaka lakini mbali na kwa nauli kubwa ikamrudishia hela mapema. Wingi wa safari peke yake haukwambii kitu, lazima ujue saa, siku na bei ya kila moja.

Hatua ya kusafisha orodha

Baada ya Harrogate kufutika tukapitia zilizobaki, kila safari nikaiuliza maswali matatu.

La kwanza, ungesafiri hata kama kadi isingekuwepo? Watu wakishapata kadi wanaanza kwenda mahali kwasababu "ni rahisi", alafu wanahesabu punguzo la hizo safari mpya kama faida. Sio faida, umetumia hela ambayo usingeitumia. Ni kama mteja wangu anayenunua kitenge cha pili kwasababu nimemshushia elfu mbili, anaondoka anasema ameokoa elfu mbili. Safari za namna hiyo zitoe kwenye hesabu.

La pili, kuna punguzo lingine ungelipata bila kadi? Hapa York ikapungua. Katika zile Jumapili nane, tatu anaenda na wenzake wawili au watatu pamoja. Kule kuna punguzo linaitwa `GroupSave`, kampuni nyingi za treni zinalo, watu 3 hadi 9 wakisafiri pamoja nje ya masaa ya msongamano wanapunguziwa theluthi bila kadi yoyote. Na mapunguzo mawili hayapandani juu ya tiketi moja. Kwahiyo zile Jumapili tatu kadi haimuongezei kitu, zinabaki tano, pauni 25.

La tatu, na hili ndo zito, bila kadi ungelipa shilingi ngapi KWELI? Sio bei kubwa iliyoandikwa ukutani stesheni, ile ya `Anytime` inayokuruhusu kupanda treni yoyote. Kama we ni mtu wa kukata mapema, faida yako ni theluthi ya bei ya mapema. Matangazo ya kadi hizi mara nyingi yanakuonyesha theluthi ya tiketi ghali na ndo maana namba zao huwa nzuri kuliko zako.

Orodha ya pili ikawa London 18.67, uwanja wa ndege 7, York tano 25. Jumla 50.67. Toa 35, faida 15.67. Imeshuka kutoka 67 hadi 15 lakini bado kadi inalipa. Nikataka kujua inalipa lini, maana faida inayokuja mwezi wa mwisho ni ya wasiwasi. London na uwanja wa ndege zinarudisha 25.67, zinabaki 9.33, kila York ni 5, gawa unapata 1.87, yani York mbili. Akienda London, uwanja wa ndege na York mara mbili peke yake, mtaji umerudi.

Alafu basi likaharibu kila kitu

Nilipokuwa tayari kumwambia nunua, nikakumbuka kumuuliza, hivi huko London watu wanaendaje? Akasema wengi wanapanda basi, la usiku, pauni 10 kila upande. Nikamuuliza na we bila kadi ungepanda nini? Akanyamaza kidogo. Akasema ukweli mamdogo ningepanda basi.

Sasa angalia. Kama bila kadi angepanda basi kwa pauni 20 kwenda na kurudi, basi treni yenye punguzo kwa 37.33 haimuokolei kitu, inamuongezea gharama ya 17.33. Zile 18.67 za London ni hewa, hazikuwepo. Ukizitoa kwenye orodha inabaki 7 na 25, jumla 32, na kadi ni 35. Anapoteza pauni 3.

Yani kadi ile ile, mtu yule yule, jibu linageuka kwasababu ya safari moja tu ya Krismasi. Hapo ndipo unapojua hesabu yako imesimama kwenye mguu gani, na huo mguu ndo unaupima kwa makini, mengine yaache. Tukaongea kuhusu basi la usiku, binti peke yake, Desemba, anafika London saa kumi na moja alfajiri baridi kali na shangazi anakaa mbali na stendi. Dada akasema hapana, treni, hata kama ni ghali. Sawa, kama usafiri wa basi haupo mezani, bei ya kweli ni ya treni na zile 18.67 zinarudi. Akanunua kadi.

Mambo ya tarehe

Mwaka wa kadi unaanza siku unayochagua iwe hai, hauanzi na mwaka wa masomo wala Januari. Yeye safari yake ya kwanza ya hela ilikuwa Oktoba, kwahiyo hakununua Septemba. Na tiketi unaweza kuikata kwa punguzo hata kabla hujawa na kadi, muhimu siku unaposafiri kadi iwe hai na uwe nayo. Hii inasaidia sana kwa tiketi za Krismasi zinazokatwa mapema.

Upande wa pili, kama mtoto anarudi nyumbani Juni hadi Agosti, miezi hiyo mitatu kadi inalala. Sio kosa, ila hesabu yako iwe ya miezi tisa, usizidishe safari za mwezi mmoja kwa 12. Na kadi ikiisha Oktoba wakati safari kubwa inayofuata ni Desemba, usikimbilie kulipia tena siku inayoisha, subiri mpaka karibu na safari.

Kuna ya miaka mitatu kwa pauni 80. Moja moja mara tatu ni 105, kwahiyo unaonekana umeokoa 25. Ila kurudisha 80 unahitaji tiketi za pauni 240 ndani ya hiyo miaka. Kwa anayesoma digrii ya miaka mitatu na ana angalau safari mbili za mbali kila mwaka ni nzuri. Kwa masters ya mwaka mmoja kama ya kwetu ni kulipia miaka ambayo atakuwa Moshi.

Yanayokula faida baada ya kununua

Punguzo halijiweki lenyewe, kila unapokata tiketi lazima uchague kwamba una kadi, ukisahau umelipa bei kamili. Kadi nyingi ziko kwenye simu, na simu ikizima charge ndani ya treni we ni mtu mwenye tiketi ya punguzo bila kadi, wanaweza kukutoza. Adhabu moja tu inaweza kufuta faida ya York nyingi, kwahiyo nilimwambia atembee na pawabenki.

London kwenye kadi ya `Oyster`, ile ya kugusa getini, unaweza kumuomba mfanyakazi wa stesheni aunganishe `16-25 Railcard` yako nayo, unapata theluthi nje ya masaa ya msongamano. Wengi hawajui. Ukigusa kwa kadi ya benki punguzo hilo hulipati.

Na kama kuna mzazi atakwenda kwenye mahafali, iko `Two Together Railcard`, pauni 35 kwa watu wawili waliotajwa majina, lazima wasafiri pamoja na siku za kazi ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Mtaji unarudi tiketi za wote wawili zikifika 105. Kwa dada akienda na shemeji, wakazunguka London, Leeds na Edinburgh, wanafika hapo mapema sana.

Kwa walioko Ujerumani

Najua watoto wengi wa Moshi na Arusha wanaenda Ujerumani kusomea uuguzi, kule ni `BahnCard`. Kanuni ni ile ile ila kuna mtego mmoja. `BahnCard 25` inapunguza robo, `BahnCard 50` inapunguza nusu, lakini nusu hiyo ni kwa tiketi ghali ya `Flexpreis` tu. Kwa tiketi rahisi za `Sparpreis` zote mbili zinapunguza robo. Kwa bei za watu wazima daraja la pili za 2024, yaani euro 62.90 na euro 244, tofauti ni 181.10, na unachopata cha ziada ni robo ya `Flexpreis`. Gawa 181.10 kwa 0.25, unapata euro 724 na kitu. Usipokata `Flexpreis` za kiasi hicho kwa mwaka, ile ya 50 haina maana kwako, chukua ya 25 (na vijana chini ya miaka 27 wana bei zao za chini, rudia hesabu kwa hizo). Alafu `BahnCard` inajiendeleza yenyewe mwaka ukiisha, lazima uandike kuikatisha mapema, weka kumbukumbu kwenye simu siku ile ile unayonunua.

Sisi daftari letu liko wazi bado. Kila akisafiri ananitumia bei kamili na bei aliyolipa, naandika tofauti pembeni. Mpaka jana London imeshaingia 18.67, York tatu 15, jumla 33.67. Imebaki pauni 1.33, na Jumapili ijayo anaenda York peke yake.